Damu ya mwanangu mwenye selimundu imeshuka kutoka 7.6 hadi 3.5 kwa siku nane, na kipimo wanasema ni cha kawaida

Mama Wawili (Newala), Jumamosi saa 2:40 usiku

Habari za usiku wadau. Naandika nikiwa wodini, mtoto amelala. Naomba mwenye uelewa anifafanulie jambo moja.

Mwanangu wa kiume ana miaka 7, kilo 18, ana selimundu tangu kuzaliwa. Kliniki haruki, foliki anameza kila siku, haidroksiyurea alianzishiwa mwaka jana. Damu yake ya siku zote ni 7 na nusu, na kwa damu hiyo anacheza mpira na kwenda shule kama wenzake. Mdogo wake wa kike ana miaka 4, naye ni mgonjwa wa selimundu.

Ijumaa ya wiki iliyopita alishikwa na homa, si kali, na kichwa kikimuuma. Baada ya siku mbili homa ikakata, nikashukuru Mungu. Lakini kuanzia Jumanne akawa mtu wa kulala tu. Alhamisi alitoka mlangoni kwenda chini ya mwembe, hatua hazifiki ishirini, akakaa chini katikati ya njia akihema. Nilipomfunua mdomo ulimi ulikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa. Na kuna kitu kilinidanganya: macho yake siku zote yana unjano, siku hiyo yalikuwa yametakata. Nikadhani anapona.

Zahanati walipima malaria, hakuna, wakampa dawa ya malaria hivyo hivyo na dawa ya maji ya madini chuma. Leo asubuhi tumefika hospitali, damu 3.5. Malaria wamerudia, hakuna. Daktari amembonyeza tumbo, bandama haishikiki. Akaandika kipimo cha chembe changa za damu, jibu likarudi 0.6. Kwenye karatasi pembeni pamechapwa kiwango cha kawaida 0.5 hadi 2.5, hakuna mshale wala nyota. Aliyeingia zamu ya jioni akaniambia kipimo kiko sawa, uboho unafanya kazi, tusubiri damu ije aongezewe, kisha waangalie.

Swali langu: kama uboho unafanya kazi, hajatoka damu popote na malaria hana, damu imekwenda wapi?

Korosho Ghafi (Nachingwea), Jumamosi saa 3:05 usiku

Pole sana mama. Hiyo ni bandama, usihangaike kutafuta kingine. Binti yangu alipokuwa na miaka 2 ilimpata. Asubuhi kaamka mzima, adhuhuri kalegea, jioni damu 3. Daktari alisema bandama imeifungia damu ndani. Aliongezewa, na nikafundishwa kumbonyeza tumbo kila siku chini ya mbavu za kushoto. Mwambie daktari ambonyeze tena vizuri.

Bi Mkubwa wa Mikindani, Jumamosi saa 3:20 usiku

Mjukuu wangu pole. Mpe juisi ya choya na ya bitiruti, na mboga ya matembele asikose. Wajukuu zangu wote damu ikipungua ndiyo dawa yao, wiki moja tu utaona.

Mpima Damu (Masasi), Jumamosi saa 3:48 usiku

Mama Wawili, mimi ni fundi wa maabara, mwaka wa 19 sasa kwenye darubini. Sijamwona mtoto, kwa hiyo chukua nitakayosema umpelekee daktari wako usiku huu huu, usisubiri asubuhi.

Hiyo 0.6 si ya kawaida kwa mwanao. Ni mbaya sana.

Kiwango kilichochapwa pembeni ni cha mtu ambaye chembe zake nyekundu zinaishi siku 120 hivi. Huyo uboho wake unatengeneza polepole, kwa hiyo chembe changa ukizitafuta utakuta moja au mbili kwenye kila mia. Mtoto wa selimundu chembe zake zinaishi siku 10 hadi 20 tu. Ili abaki kwenye 7 na nusu, uboho wake hufanya kazi usiku na mchana, na chembe changa zake kila siku huwa kama 10 au 12 kwenye mia, wakati mwingine zaidi. Wanaotumia haidroksiyurea huwa nazo pungufu kidogo, lakini si 0.6. Tafuta kwenye daftari lake la kliniki, kuna mahali watakuwa wameandika.

Sasa swali lako la damu imekwenda wapi. Haijakwenda popote. Imekufa kwa muda wake kama inavyokufa siku zote, ila hakuna mpya iliyoingia. Fanya hesabu hii. Tuseme chembe zake zinaishi siku 15. Kila siku fungu moja kati ya mafungu 15 linakufa. Uboho ukisimama Ijumaa ile homa ilipoanza, hadi leo ni siku 8, yamekufa mafungu 8, yamebaki 7. Chukua 7.6, gawa kwa 15, zidisha kwa 7. Unapata 3.5. Ni namba ile ile uliyopewa leo.

Mimi uboho wangu ukisimama siku hizo hizo 8, kutoka 13 nitashuka hadi kama 12. Nitasema nimechoka na korosho tu, nitalala, basi.

Na macho kutakata ni hicho hicho. Unjano unatokana na chembe zinazovunjika. Zikibaki chache za kuvunjika, unjano nao unapungua. Mtoto wa selimundu anayezidi kuwa mweupe huku macho yakitakata ni wa kukimbizwa hospitali.

Kinachosimamisha uboho namna hii kwa watoto hawa, mara nyingi sana, ni kirusi kinaitwa parvo B19. Kinaingia ndani ya zile chembe mama zinazozaa chembe nyekundu na kuziua. Kwa kawaida uboho unasimama siku 7 hadi 10, kisha mwili unatengeneza kingamwili na kazi inaanza upya wenyewe. Kazi yenu ni kumvusha mtoto siku hizo.

Mpima Damu, Jumamosi saa 3:59 usiku

Kaka Korosho, ulilosema lipo kweli na linaua haraka kuliko hili. Ila ona tofauti. Bandama ikifunga damu, inavimba na unaishika kwa mkono, damu inashuka kwa saa si kwa siku, na chembe changa zinapanda kwa sababu uboho unajitahidi kufidia. Huyu bandama haishikiki, kashuka taratibu kwa wiki nzima, na chembe changa hakuna. Kumbonyeza tena si vibaya, maana nimewahi kuona mtoto mwenye yote mawili kwa pamoja.

Bibi shikamoo. Matembele na choya ni chakula kizuri, asinyimwe. Ila vinampa uboho vifaa, na sasa hivi mafundi wenyewe hawapo. Dawa ya madini chuma nayo ni hivyo hivyo: watoto wa selimundu kwa kawaida hawana upungufu wa madini chuma, maana chembe zikivunjika madini yanabaki mwilini, na wakiongezewa damu yanazidi. Foliki aendelee.

Mfugaji wa Lindi, Jumamosi saa 4:10 usiku

Ngoja kwanza. Parvo ndiyo iliyomaliza mbwa wangu watatu mwaka juzi, wakiharisha damu. Kumbe inaingia na kwa watoto? Mimi nina wajukuu hapa na mbwa mwingine mdogo. Nimfukuze?

Mpima Damu, Jumamosi saa 4:16 usiku

Hapana mzee wangu, usimfukuze. Ni ukoo mmoja kwa jina lakini ni virusi tofauti. Cha mbwa hakiingii kwa mtu, na hiki cha watu hakiingii kwa mbwa. Hiki kinatoka kwa mtu kwenda kwa mtu kwa chafya, kikohozi na mate. Mbwa wako mpeleke chanjo yake.

Tabibu wa Kilwa, Jumamosi saa 4:30 usiku

Naungana na Mpima Damu. Nyongeza upande wa damu anayoongezewa, kwa sababu hapa ndipo nimeona watoto wanapotea mikononi mwetu.

Mtoto aliyeshuka taratibu hadi 3.5, maji mwilini hajapoteza. Mishipa imejaa, ila imejaa damu nyepesi, na moyo unapiga mbio kufidia. Ukimmiminia chupa nzima kwa saa moja, moyo unazidiwa na mapafu yanajaa maji. Kama zipo chembe nyekundu zilizotenganishwa na maji ya damu, ndizo nzuri zaidi. Kwa kilo 18, mimi ningeanza na mililita 5 kwa kila kilo, yaani 90, ziende kwa saa 4 huku anahesabiwa pumzi na mapigo. Kisha kesho wapime na kurudia kama inahitajika. Wala usitamani afike 12. Damu ya selimundu ikipanda sana, hasa kupita 10, inakuwa nzito na kumletea balaa lingine. Mrudisheni karibu na 7 yake, inatosha.

Pia mama, haidroksiyurea isimamishwe kwa sasa. Nayo hupunguza kasi ya uboho, na ikizidi inaweza kufanya picha inayofanana na hii. Umeona chembe nyeupe na chembe sahani kwenye hiyo karatasi?

Mama Wawili, Jumamosi saa 5:15 usiku

Ahsanteni sana. Nimempelekea daktari wa zamu simu yenyewe asome. Hakukasirika. Amefungua daftari la kliniki, mwezi wa nne chembe changa zilikuwa 11. Akakaa kimya kidogo, akainuka kwenda maabara mwenyewe. Amerudi na damu, wamemwekea 90 zile zile, nesi anahesabu pumzi kila nusu saa.

Tabibu, chembe nyeupe 9.8, chembe sahani 240. Inamaanisha nini?

Tabibu wa Kilwa, Jumamosi saa 5:22 usiku

Inamaanisha dawa haielekei kuwa ndiyo mkosaji. Dawa ikizidi, kwa kawaida huangusha zote tatu, nyeupe na chembe sahani pia. Hapa zimesimama vizuri, nyekundu peke yake ndiyo imekatika. Si uthibitisho wa asilimia mia, maana kirusi nacho huweza kugusa hizo nyingine, lakini inaelekea huko.

Baba Zamda (Tandahimba), Jumapili saa 1:10 asubuhi

Mimi mwanangu alipima akaambiwa ni AS, si mgonjwa. Naye akipata hicho kirusi ataishiwa damu? Usiku sijalala baada ya kusoma hapa.

Mpima Damu, Jumapili saa 1:35 asubuhi

Lala ndugu yangu. Wa AS chembe zake zinaishi muda mrefu kama zangu na zako. Uboho ukisimama wiki moja hata hutajua. Wanaoumia ni wale ambao chembe zao huvunjika mapema kila siku: selimundu yenyewe, na wachache wenye magonjwa mengine ya kurithi ya aina hiyo.

Nesi Mama Salma (Mtwara mjini), Jumapili saa 2:20 asubuhi

Hamjambo. Kuna mambo mawili naona yamesahaulika.

La kwanza ni mdogo wake. Mama Wawili, huyo binti wa miaka 4 yuko wapi sasa? Watoto wawili wenye selimundu kwenye nyumba moja, mmoja akipata hiki, wa pili mara nyingi anafuata ndani ya wiki moja au mbili. Usingoje mpaka ulimi uwe mweupe. Mpime damu na chembe changa sasa, na homa ikimgusa tu rudia.

La pili, mtoto akiwa kwenye hali hii kirusi kimejaa mwilini mwake na anaambukiza kweli. Asilazwe chumba kimoja na watoto wengine wa selimundu, na mjamzito asimhudumie. Kwa mjamzito kirusi kinaweza kupita kwa mtoto aliye tumboni na kumfanyia hivi hivi, akavimba maji na hata kufia humo. Wodini kwetu tuliwahi kumweka mtoto wa namna hii kitanda cha katikati kwa siku tatu kabla hatujajua.

Mama Wawili, Jumapili saa 3:00 asubuhi

Yesu wangu. Binti yuko nyumbani na mdogo wangu, ambaye ana mimba ya miezi minne. Na huyo mdogo wangu ndiye aliyekuwa akimbeba mgonjwa wiki nzima.

Nesi Mama Salma, Jumapili saa 3:12 asubuhi

Usishtuke, sikiliza. Watu wazima wengi walishakipata utotoni bila kujua, na aliyepata mara moja kwa kawaida hapati tena. Na hata asiye na kinga akiambukizwa, mimba nyingi zinaendelea salama. Ila aende kliniki aeleze wazi kwamba amemhudumia mtoto mwenye tatizo hili, wamwandikie kwenye kadi, na apigwe picha za tumbo kwa kufuatiliwa wiki zinazokuja. Na kuanzia leo mtoto ashikwe na mwingine.

Korosho Ghafi, Jumapili saa 3:30 asubuhi

Kinatoka wapi lakini? Mtoto hajasafiri.

Mama Wawili, Jumapili saa 4:05 asubuhi

Nimewaza. Wiki kama mbili kabla ya homa, watoto wa kaka yangu walikuja kutoka Mtwara mjini. Mmoja alikuwa na mafua, akaondoka mzima. Baadaye mama yake aliniambia kwenye simu kwamba mashavu yalimwasha na kuwa ya moto siku mbili, akadhani ni joto.

Mpima Damu, Jumapili saa 4:20 asubuhi

Inaweza kabisa kuwa ndiyo hiyo. Kwa mtoto asiye na selimundu kirusi hiki ni mafua, kisha vipele au mashavu mekundu kama aliyepigwa kofi. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, ndiyo maana unapita bila jina. Na mashavu yakishatokea, mtoto huyo haambukizi tena. Aliambukiza wakati wa mafua.

Siwezi kuapa kwamba ni parvo. Kuthibitisha kunahitaji kipimo cha kingamwili au cha vinasaba vya kirusi, sampuli isafiri hadi Dar, na majibu yangekuta mtoto ameshapona au ameshazikwa. Maambukizi mengine makali ya bakteria nayo yanaweza kuupunguza uboho kasi, kwa hiyo homa ikirudi wasiache kumtafutia bakteria. Lakini kwa picha hii hata wakubwa wa fani wangeanza na parvo. Kirusi kiligunduliwa London 1975, kikaonekana kwenye sampuli namba 19 ya kundi B, ndiyo asili ya jina. Kilikaa miaka bila ugonjwa wa kukihusisha nacho, hadi 1981 kilipokutwa kwa watoto wa selimundu walioishiwa damu ghafla, London na kule Jamaika.

Fundi Mdogo wa Maabara (Ruangwa), Jumapili saa 12:15 jioni

Kaka Mpima Damu, samahani, hapa kwetu mashine haitoi chembe changa kabisa. Karatasi ikitoka ile nafasi ya RET% iko tupu. Tunafanyaje?

Mpima Damu, Jumapili saa 1:40 usiku

Kwa mkono, kama tulivyofundishwa. Matone ya damu na rangi ya buluu ya methilini mpya, sawa kwa sawa, kwenye kichupa. Weka kwenye joto la 37 kwa dakika 15 hadi 20, changanya tena taratibu, paka kwenye kioo, kausha. Usiifishe kwanza kwa spiriti, rangi hii inataka chembe zikiwa hai. Hesabu chembe nyekundu 1000 na andika ngapi kati yake zina nyuzi za buluu ndani. Kwa mtoto wa selimundu akiwa kwenye hali yake ya kawaida utachoka kuzihesabu. Ukitembeza kioo uwanja baada ya uwanja na hakuna nyuzi, usiandike namba peke yake. Mpigie daktari. Na mimi siku hizi naandika kwa kalamu chini ya jibu: "mgonjwa ni selimundu, linganisha na kiwango chake mwenyewe". Mashine haijui mgonjwa ni nani.

Mama Wawili, Ijumaa saa 11:30 jioni

Wadau, nimerudi. Mkubwa aliongezewa mara mbili, Jumamosi usiku na Jumapili jioni, 90 kila mara. Akafika 6.3. Jumanne chembe changa 4. Leo 19, karatasi ina mshale mkubwa wa kupanda, na maabara wameandika kuna chembe nyekundu zenye kiini. Niliogopa, daktari akacheka akaniambia huu mshale ndio tuliokuwa tunausubiri. Macho yameanza unjano tena. Ameomba wali na samaki.

Mdogo wake Jumapili alikuwa 8.0, chembe changa 9. Jana alfajiri akapata homa. Nimemleta. Leo 7.4, chembe changa 1.1.

Mpima Damu, Ijumaa saa 12:05 jioni

Ndiye huyo. Msirudi nyumbani Newala. Kaeni karibu na hospitali, damu ipimwe kila baada ya siku moja, na waombe damu ya kundi lake sasa hivi kutoka benki ya damu hapo Mtwara, si siku atakapofika 4.

Mama Wawili, Alhamisi saa 3:10 usiku

Jumapili 6.3, Jumanne 5.2, leo asubuhi 4.4. Anapumua vizuri ila hachezi. Chembe changa 0.3. Kilo 14, wamempa mililita 70 kwa saa 4, imeisha sasa hivi, amelala. Safari hii hakuna aliyeniambia kipimo ni cha kawaida.

Mdogo wangu ameandikiwa picha ya tumbo kila baada ya wiki mbili, ya kwanza ni nzuri.

Kuna jambo bado tunabishana na baba yao. Haidroksiyurea ya mkubwa. Kliniki wanasema aanze tena wiki ijayo, baba yao hataki kabisa, anasema ndiyo iliyoudhoofisha uboho.

Korosho Ghafi, Alhamisi saa 3:25 usiku

Namwelewa baba. Mimi binti yangu simpi.

Tabibu wa Kilwa, Alhamisi saa 3:50 usiku

Mdogo wake hatumii haidroksiyurea, na yamempata yale yale. Mwonyesheni baba hilo kwanza. Mimi ningeirudisha, damu ikishatulia kwenye kawaida yake na chembe nyeupe zikiwa nzuri, na wampime baada ya wiki mbili. Wenzangu wengine hungoja mwezi. Hapo hatukubaliani wote, muulizeni anayemfuatilia kliniki.

Mama Wawili, Jumapili saa 4:00 asubuhi

Binti 5.7, chembe changa 6, mshale juu. Anagombania kikombe na kaka yake.